Karatasi ya damu ya Mama: HGB iko chini, lakini damu inakwenda wapi?

"Sista, mama ana miaka 62, yuko Mumias. Siku hizi analima mistari miwili kisha anakaa chini kupumua. Tulimpeleka kupimwa, karatasi ikaja imejaa L na H: WBC 3.4 L, HGB 9.2 L, MCV 72 L, PLT 455 H. Maabara walituambia 'damu ni kidogo' wakatuuzia sharubati ya kuongeza damu. Kaka yangu anataka aongezewe damu hospitalini. Mimi naogopa ni saratani ya damu, kwa sababu nyeupe ziko chini na PLT imepanda. Karatasi kama hii inasomwaje, na tuanzie wapi?"

Saratani ya damu siyo jambo la kwanza ambalo ningelifikiria kwa namba hizo nne. Zikisomwa pamoja zinaonyesha kwamba mwili umeishiwa madini ya chuma. Mama aliyekwisha kukoma hedhi akiishiwa chuma, sisi wa hospitali huchukulia kwamba kuna mahali damu inavuja, mpaka tuchunguze na kukosa. Ndiyo maana sharubati peke yake hainiridhishi.

Mama yetu sisi anaishi Ahero, na mwaka jana alipata karatasi inayofanana sana na hiyo. Mdogo wangu, ambaye ana duka la vitambaa Nakuru, aliniletea Kisumu akiwa na hofu kama yako, tukaketi tukaisoma mstari baada ya mstari. Wote wawili wameniruhusu niyaandike mazungumzo yale, na maswali aliyoniuliza yako karibu sana na yako.

Alianzia juu, kama kila mtu.

"Dada, mstari wa kwanza tu tayari kuna L. WBC 3.6. Si hizi ndizo seli nyeupe za kupigana na magonjwa?"

"Ndizo. Hebu nisomee kiwango walichoandika pembeni."

"4.0 hadi 10.0."

"Kiwango hicho mashine ilikuja nacho kutoka kiwandani. Watafiti walipopima watu wazima wenye afya huku kwetu, Kericho na Kisumu, walikuta seli nyeupe zao, hasa zile zinazoitwa nyutrofili, ziko chini kuliko za Wamarekani. Hawakuwa wagonjwa. Ni urithi ambao Waafrika wengi wanao, na unahusiana na umbile la seli nyekundu linalozuia aina moja ya malaria. Sasa shuka kwenye NEU yenye alama ya #."

"1.6. Nayo ina L."

"Mama ana homa? Ana vidonda vya mdomoni visivyopona? Anaugua kila wiki?"

"Hapana. Ni kuchoka tu."

"Basi 1.6 hainitishi. Ingekuwa chini ya 1.0 ningetaka irudiwe haraka, na chini ya 0.5 nisingelala. Vilevile WBC ingekuwa 60 au 100, au mtu wa maabara angeandika kwa mkono kwamba ameona seli changa zisizo za kawaida kwenye darubini, hapo ningezungumza nawe kuhusu saratani ya damu."

Akasogeza kidole. "Na hii LYM% 44, H?"

"Iruke. Hiyo ni asilimia. Nyutrofili zikiwa chache, hizi nyingine lazima zionekane zimepanda, kwa sababu zote zinagawana mia moja. Tazama LYM# ambayo ndiyo idadi yenyewe: 1.6, iko sawa. Kwenye seli nyeupe soma #, asilimia zinawasumbua watu bure."

Tukafika HGB, ambayo ilikuwa 8.9. Hapa alinyamaza kidogo, halafu akasema yale aliyoyasema kaka yako: "Si tumpeleke tu aongezewe damu?"

Hemoglobini ndiyo inayobeba hewa ya oksijeni ndani ya seli nyekundu. Kwa mwanamke mzima asiye mjamzito, Shirika la Afya Duniani huhesabu chini ya gramu 12 kwa desilita kuwa ni upungufu wa damu, na chini ya 8 kuwa ni upungufu mkali. Kwa hiyo 8.9 ya Mama, na 9.2 ya mama yako, ni upungufu wa wastani. Watu wa nyanda za juu kama Nakuru huwa nayo juu kidogo kuliko sisi wa karibu na ziwa, kwa hiyo namba hiyo hiyo huko ni mbaya zaidi kidogo, lakini tofauti si ya kubadilisha uamuzi.

"Mtu mzima aliyetulia," nilimwambia, "tunafikiria kumwongezea damu ikishuka chini ya 7, au chini ya 8 kama moyo wake ni mgonjwa. Mama anatembea, anaongea, anapika. Damu yake imeshuka polepole na mwili umezoea. Chupa moja ingempandisha kama gramu moja tu, na pale inapovujia pangebaki vilevile. Halafu mtu wa umri wake akiongezewa haraka, maji yanaweza kumjaa mapafuni. Damu ya benki ni haba, tumwachie anayeihitaji leo."

"Sasa kwa nini umesema inavuja? Labda hali vizuri tu."

"Nitakujibu. Lakini nisomee kwanza MCV."

Huu ndio mstari ambao watu wengi huupita, na mimi huutazama mara tu baada ya HGB. MCV ni wastani wa ukubwa wa seli nyekundu moja moja. Ya Mama ilikuwa 71, wakati kiwango ni 80 hadi 100. Seli nyekundu hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa, na hemoglobini haiwezi kutengenezwa bila chuma. Chuma kikipungua, uboho hauachi kazi, ila unatoa seli ndogo, zilizopauka. Upungufu unaotokana na kukosa vitamini B12 au foliki hufanya kinyume: seli huwa kubwa, na MCV hupita 100. Mtu aliyevuja damu nyingi kwa ghafla, labda kwa ajali, huwa na MCV ya kawaida kwa siku za kwanza, kwa sababu chuma hakijamwishia. Kwa hiyo seli ndogo zinakuambia jambo hili limekuwepo miezi mingi.

"Na RDW 18.6, H?"

"Hiyo inapima kama seli zinalingana au zimechanganyika kubwa na ndogo. Seli nyekundu huishi kama siku 120. Zile alizotengeneza kabla chuma hakijaisha bado zinazunguka, za ukubwa wa kawaida, pamoja na hizi mpya ndogo. Mashine inaona mchanganyiko, RDW inapanda."

Mdogo wangu si mtu wa kukubali haraka. "Lakini nimesikia huku kwetu kuna watu wanazaliwa na seli ndogo. Mtoto wa jirani yangu ana selimundu, kliniki walitaja na kitu kingine cha ukoo."

Alikuwa amegusa jambo la kweli, na wewe wa Mumias unalihitaji pia. Kuzunguka ziwa hadi Busia na Kakamega, watu wengi wamebeba urithi wa selimundu au wa alfa-thalasemia, au vyote viwili. Alfa-thalasemia nyepesi humpa mtu seli ndogo maisha yake yote bila kumdhuru. Mtu kama huyo akipewa vidonge vya chuma miaka nenda miaka rudi, MCV yake haisogei, kwa sababu hakupungukiwa chuma.

"Kuna hesabu ndogo ya kuzitofautisha," nilimwambia. "Chukua MCV, gawanya kwa RBC, yaani idadi ya seli nyekundu."

Akatoa simu. "71 kwa 4.02. Inakuja 17 na nukta saba."

"Ikizidi 13, inaegemea kwenye ukosefu wa chuma. Ikiwa chini ya 13, inaegemea kwenye urithi, kwa sababu mwenye thalasemia hutengeneza seli ndogo lakini nyingi, na RDW yake mara nyingi huwa ya kawaida. HGB yake pia haishuki sana hivi."

"Kwa hiyo tumemaliza?"

"Hapana, ni mwelekeo tu. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Ugonjwa wa muda mrefu unaochoma mwili ndani kwa ndani nao unaweza kupunguza ukubwa wa seli. Kizuri zaidi ni karatasi ya zamani. Mama hakupimwa ule mwaka magoti yalipomsumbua?"

Alikuwa amepimwa, miaka mitatu nyuma, na Mama hatupi karatasi. Mdogo wangu aliikuta imekunjwa kwenye mfuko uleule aliokuja nao: HGB 12.6, MCV 84. Thalasemia ya kuzaliwa nayo, peke yake, haiwezi kuzishusha seli kutoka 84 hadi 71 ndani ya miaka mitatu. Kitu kilikuwa kimebadilika ndani ya miaka hiyo. Kama nyumbani kwenu kuna karatasi yoyote ya zamani ya mama, hata ya kliniki ya wajawazito, itafute kabla ya kulipia kipimo kingine.

Mstari wa mwisho aliouogopa ni PLT, chembe za kugandisha damu. Ya Mama ilikuwa 468, ya mama yako 455. Uboho ukikosa chuma huongeza chembe hizi, na mtu anayevuja damu pia huziongeza. Kwa kawaida hushuka zenyewe chuma kikirudi. Zikibaki juu ya 450 baada ya chuma kujaa, hapo ndipo daktari wa damu anahitajika, na siyo sasa.

Basi tukarudi kwenye swali lake la chakula.

"Kwa siku moja, chakula kizuri kinakupa chuma kiasi gani kinachoingia mwilini?" nilimuuliza.

"Sijui. Gramu?"

"Miligramu moja, labda mbili. Hiyo tu ndiyo utumbo unayofyonza. Na mililita moja ya damu yenye afya ina karibu nusu miligramu ya chuma. Kijiko cha chai ni mililita tano. Mtu akivuja kijiko kimoja kwa siku tumboni, amepoteza miligramu mbili na nusu. Hata ale omena na osuga kila jioni, anatoa zaidi ya anachoingiza."

"Kijiko kimoja si angekiona chooni?"

"Hataona kitu. Choo kinageuka cheusi damu ya tumboni ikifika mililita 50 au zaidi kwa siku. Kijiko kimoja kinapotea ndani ya choo cha kawaida."

Mwanamke anayepata hedhi ana sababu ya wazi ya kupungukiwa chuma, na mara nyingi tunampa vidonge tukamfuatilia. Mama zetu walishaacha hedhi. Huku kwetu ni nadra chakula peke yake kumshusha mama wa makamo kutoka 12.6 hadi 8.9. Biti nayo, kwa kuwa najua umeshaambiwa, ina chuma kidogo sana. Rangi yake nyekundu ni rangi tu.

Tukampigia Mama, simu ikawekwa sauti ya juu. Kabla hajapokea nilimnong'oneza mdogo wangu kwamba lazima aulizwe kama anatokwa na damu ukeni.

"Dada, hilo mimi siwezi kumuuliza Mama."

"Nitamuuliza mimi. Kila siku nawauliza akina mama wa umri wake."

Naliandika hili kwa makusudi. Mama aliyekoma hedhi akiona hata matone ya damu, huenda ni saratani ya mlango wa kizazi au ya mfuko wa uzazi, na wengi hukaa kimya kwa aibu mpaka wanachelewa. Muulize mama yako mkiwa peke yenu, na umuulize waziwazi. Yetu alicheka akasema hapana, hayo yaliisha zamani. Choo ni cha kawaida, mkojo hauna damu, hajakonda, chakula kinapita kooni vizuri.

"Dawa gani unakunywa, Mama?"

"Sinywi dawa mimi, mwanangu. Ni hizi za magoti tu."

"Za magoti zipi?"

"Zile za duka la dawa, diklofenaki. Asubuhi moja kabla ya kwenda shamba, na jioni moja miguu ikikataa. Na ile aspirini ndogo aliyonipa jirani, anasema inalainisha damu."

Mdogo wangu alinitazama. Dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni hupunguza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini, na kemikali hizo ndizo zinazoufanya ukuta wa tumbo utoe ute wa kujikinga na asidi yake wenyewe. Ukuta ukibaki wazi, unachubuka. Aspirini, hata ndogo, inazuia chembe za PLT kushikana, kwa hiyo palipochubuka panaendelea kuvuja. Wengi huamini ukila kwanza uko salama, au kwamba sindano haigusi tumbo. Chakula hupunguza kichefuchefu tu, na dawa ya sindano hufika tumboni kupitia damu. Wazee wengi wenye vidonda vya dawa hizi hawasikii maumivu yoyote, kwa sababu wamekunywa dawa ya maumivu.

Lakini kupata mshukiwa mmoja hakumalizi upelelezi, na hapa ndipo wengi hukosea. Mama anaishi karibu na mashamba ya mpunga, maji yamesimama. Minyoo ya safura na kichocho cha matumbo vyote hutoa damu kwenye utumbo, na dawa za minyoo zinazogawiwa shuleni huwafikia wajukuu zaidi kuliko nyanya anayelima bila viatu. Choo chake kilipimwa, mayai hayakuonekana. Hata hivyo alipewa albendazoli miligramu 400 mara moja, kwa kuwa choo kimoja kinaweza kuwa hasi na minyoo wapo.

"Nimesikia kuna kipimo cha damu iliyojificha chooni," mdogo wangu alisema. "Kikiwa hasi, si tunaacha mambo ya kamera ya kutazama ndani ya tumbo?"

"Kikiwa hasi hakitoshi. Kidonda huvuja leo, kesho kikanyamaza. Mama wa umri huu, chuma kikiisha bila sababu inayoonekana, anahitaji kamera hata kama kipimo hicho hakikuona kitu."

Kabla ya kamera tulipima feritini, ambayo inaonyesha chuma kilichobaki kwenye ghala la mwili. Chini ya 15 ghala ni tupu. Ya Mama ilikuwa 9, kwa hiyo ubishi wa thalasemia ukaisha. Jihadhari na jambo moja: feritini hupanda mtu akiwa na homa, maambukizi au ugonjwa wa viungo unaochoma, hivyo feritini ya 50 kwa mtu mgonjwa haithibitishi kwamba ghala limejaa. Mpime mama akiwa hana homa.

Kamera ya tumbo ilimwogopesha Mama kuliko saratani yenyewe. Unafunga kula usiku, koo linapuliziwa dawa ya ganzi, mrija mwembamba unapitishwa, na kwa kawaida haizidi robo saa. Kwake ilionyesha kidonda sehemu ya chini ya tumbo, na kipande kilichochukuliwa kikaonyesha bakteria wa Helikobakta, wale wanaoleta vidonda vya tumbo, lakini hakuna saratani. Alipewa antibayotiki mbili pamoja na omeprazoli kwa siku 14, kisha omeprazoli ikaendelea peke yake. Diklofenaki na aspirini ya jirani zikaachwa. Kidonda cha tumbo lenyewe lazima kitazamwe tena baada ya wiki 8 hivi, maana baadhi ya saratani za tumbo hufanana na kidonda cha kawaida, na kile kisichopona ndicho cha kushukiwa. Chake kilikuwa kimefunga. Daktari alitaka pia kamera ya utumbo mkubwa, akisema kupata kidonda kimoja hakuzuii kitu kingine kuwepo chini. Mama alilalamika sana kuhusu ile dawa ya kuharisha, lakini alifanyiwa, na haikukuta kitu.

Sitakuficha: si kila familia hupata jibu jepesi hivyo. Kwa wengine ni uvimbe wa tumbo au wa utumbo mkubwa. Ndiyo sababu kuu ya kutokubali sharubati kama jibu, kwa kuwa chuma kinaweza kuipandisha HGB miezi kadhaa huku uvimbe ukikua, na kila mtu nyumbani akafurahi.

Chuma chenyewe bado ni muhimu, na kina utaratibu wake. Nilimpigia mdogo wangu hesabu hii. Mama ana kilo kama 60, yaani karibu lita nne za damu. Kushuka kutoka 12.6 hadi 8.9 ni kupoteza karibu miligramu 500 za chuma ndani ya damu tu, kabla hujahesabu ghala. Kidonge kimoja cha kawaida kina chuma halisi miligramu 60 hivi, na sehemu ndogo tu ndiyo inayoingia.

"Basi anywe vitatu kwa siku," alisema.

"Ukimeza kimoja, ini linatoa homoni inayofunga mlango wa chuma kwenye utumbo kwa karibu siku nzima. Cha pili na cha tatu vinabaki ndani ya utumbo vikimfunga choo na kumchoma tumbo, kisha anaacha dawa zote. Kimoja kwa siku kinatosha. Kikimsumbua, siku moja anywe, siku moja apumzike."

Kinafyonzwa vizuri tumbo likiwa tupu, pamoja na chungwa au maji ya ndimu. Chai na kahawa vinakizuia sana, maziwa pia, kwa hiyo chai ya asubuhi isubiri saa moja au mbili. Kwa Mama hili lilikuwa gumu kuliko kamera. Omeprazoli nayo hupunguza asidi inayosaidia chuma kuingia, hivyo kwake tulitarajia mwendo wa polepole kidogo. Baada ya wiki nne HGB ilikuwa 10.6. Ilipofika kiwango cha kawaida aliendelea na vidonge miezi mitatu zaidi ili ghala lijae, na MCV ikarudi 83.

Sasa mama yako. Tazama kwenye karatasi hiyo hiyo RBC na RDW-CV, ufanye ile hesabu ya kugawanya. Andika kila dawa anayokunywa, pamoja na za mitishamba na zile za jirani. Kama kuna diklofenaki, ibuprofeni au mfano wake, aziache, atumie parasetamoli kwa maumivu. Aspirini aliyoandikiwa na daktari kwa sababu ya moyo au kiharusi asiiache mwenyewe, aulize kwanza. Kisha mpeleke hospitali ya kaunti Kakamega ndani ya wiki moja au mbili, mwombe daktari feritini, kipimo cha choo, uchunguzi wa mlango wa kizazi, na barua ya rufaa ya kamera. Kama rufaa ni ya Jaramogi hapa Kisumu au Moi kule Eldoret, ulizeni mapema siku ya kliniki na kiasi ambacho SHA italipa, msije mkarudishwa.

Usingoje kliniki kama ataona choo cheusi kinachonata na kunuka vibaya, akitapika damu au kitu kama masalia ya kahawa, akizimia, akipata maumivu ya kifua au akikosa pumzi akiwa ameketi. Hapo ni idara ya dharura usiku uleule, na kaka yako atakuwa sahihi kuhusu kuongezewa damu. Akikonda, chakula kikikwama kooni au choo kikibadilika mwenendo, mwambie daktari siku hiyo hiyo mnayomwona, maana foleni ya kamera hupangwa kwa dalili kama hizo.

Sharubati mliyonunua msiitupe. Soma kwenye lebo ni miligramu ngapi za chuma halisi kwa kila kijiko, kwa sababu nyingine zina vitamini nyingi na chuma kidogo, na kama hakifiki miligramu 40 au 60 kwa siku, vidonge vya bei nafuu vitamfaa zaidi. Choo chake kitageuka kijani kibichi au cheusi kwa sababu ya chuma, lakini hakitanata wala kunuka kama cha damu. Akipangiwa kamera ya utumbo mkubwa aache chuma siku 7 kabla, kwa sababu huacha utando mweusi unaomziba daktari asione. Rudieni kipimo cha damu baada ya wiki nne: HGB ikiwa haijapanda hata gramu moja, ama hanywi dawa, ama anainywa na chai, ama bado anavuja, na mwende na karatasi zote mbili.